Mgeni wa kikao mpe kiti kwanza

Kikao changu cha kwanza cha chama cha wahandisi kilikuwa Mwanza, ukumbi wa hoteli, saa nne asubuhi. Nilichagua kiti cha nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti hakumaliza hata kufungua kikao. "Naona sura ngeni pale nyuma. Simama, mhandisi, tupe historia yako kwa ufupi." Watu sitini wakageuza shingo. Nikataja jina na mradi wa mabomba ya maji niliokuwa nao. Mzee mmoja akaniuliza kutoka mbele: "Umesajiliwa kama nani? PE au GE?"

Kwa wasio wahandisi nifafanue. GE ni mhandisi mhitimu, PE ni mhandisi mtaalamu. Kati ya ngazi hizo mbili kuna mafunzo ya kazini ya miaka mitatu na makaratasi mengi. Mimi nilikuwa kazini mwaka wa saba na makaratasi yangu yalikuwa kwenye droo. Nikasema "GE" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Nikapigiwa makofi matatu, kisha mweka hazina akatangaza kwamba mgeni wetu ataanza na mchango wa rambirambi. Ukumbi ukacheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwa sababu wote waliamini wananikaribisha. Kikao cha pili sikwenda.

Sasa naishi Hannover, Ujerumani, mwaka wa tisa huu. Huku nako sikupokewa kwa nderemo. Kikundi cha wahandisi wa maji wa hapa hukutana mara moja kwa mwezi kwenye mgahawa, meza ndefu ya watu kumi na tano hivi. Jioni ya kwanza nilikuwa nimeshakaa alipoingia mzee mmoja aliyechelewa. Hakusalimia mtu. Aligonga meza kwa konzi mara mbili, ko ko, na meza nzima ikamjibu kwa kugonga. Nikadhani amekasirika. Kumbe ndiyo salamu ya wote kwa mpigo, ili asizunguke kushika mikono kumi na minne na kukata mazungumzo. Naipenda salamu hiyo, maana mgeni naye anaweza kuingia kwa konzi mbili na kukaa, hakuna anayesimama.

Ila wasikudanganye kwamba Ulaya wamelimaliza jambo hili. Kikundi kingine nilichojaribu kabla ya hicho, nilikaa saa mbili nikinywa maji ya gesi na hakuna aliyeniuliza hata jina. Kumwacha mgeni peke yake nako ni kumwaibisha, tofauti yake ni kwamba hapigiwi makofi.

Kikundi cha wahandisi wa maji kina katibu mwanamama anayejua kazi hii, na nimemwangalia kwa miaka. Siku nne kabla ya kikao anamwandikia mgeni ujumbe mfupi wenye swali moja: nikutambulishe mimi, ujitambulishe mwenyewe, au ukae kwanza? Mgeni anajibu akiwa nyumbani kwake, si mbele za watu. Katibu pia anamwomba afike dakika kumi na tano mapema, kwa sababu kuingia wenzako wakiwa wanne ni tofauti na kuwakuta kumi na tano wamechangamka. Mlangoni anakuwepo mtu mmoja wa kumpokea. Huyo anamkalisha katikati ya meza, kamwe si pembeni, maana ukikaa pembeni una jirani mmoja tu na akigeuka upande wa pili umebaki na sahani yako. Kisha anamkutanisha na mtu wa fani yake na kuwaachia mada: "Huyu naye anahangaika na mabomba yanayovuja." Hapo anaondoka.

Zamu ya kujitambulisha ipo, lakini haianzi na mgeni wala haiishii kwake. Wanaanza wenyeji wawili watatu, kila mmoja anataja jina na kitu kimoja kilicho mezani kwake wiki hiyo. Cheo hakitajwi, kampuni haitajwi. Mgeni anapofikiwa ameshaona kwamba sentensi mbili zinatosha. Kumweka wa mwisho ni kosa ambalo nililidharau mpaka nilipojichunguza, nikakuta sijasikia alichosema jirani yangu hata kidogo. Nilikuwa napanga maneno yangu. Mwanasaikolojia Malcolm Brenner alilionyesha hili mwaka 1973 kwa kuwaketisha watu mezani wasome maneno kwa zamu: waliyasahau zaidi yale yaliyosomwa kabla tu ya zamu yao. Sasa mgeni anayengoja nyuma ya watu kumi na wanne atashika jina la nani?

Mwaka jana zamu ya mlangoni ilikuwa yangu. Alikuja binti mmoja, mhandisi wa umeme wa pampu, mzaliwa wa Morogoro, ana wiki tatu tu mjini. Alikuwa amejibu kwamba atajitambulisha mwenyewe, na alifanya hivyo vizuri, kwa Kijerumani chake cha kujikongoja. Hapo mzee mmoja, kwa wema kabisa, akamuuliza: "Na huko Afrika umeme unakatika mara ngapi?" Meza ikanyamaza kumsikiliza. Nikaiona mikono ya binti inashuka chini ya meza. Alijibu kwa sentensi, swali la pili akajibu kwa neno, la tatu kwa tabasamu. Ndivyo utakavyomjua mtu aliyebanwa, majibu yanafupika na mikono inatafuta pa kujificha. Nikaingilia: "Siku akitaka kutupa mada tutampa jioni nzima. Wewe ile pampu yako iliyoungua imefikia wapi?" Mzee akahamia kwenye pampu yake kwa furaha, maana hakuna mhandisi asiyependa kusimulia kilichoungua. Dakika kumi baadaye binti naye alikuwa anamweleza kwa nini iliungua.

Ninachotaka kuwaambia wenzangu wa nyumbani si kwamba tuige Wajerumani. Bibi yangu Pangani mgeni hakumuuliza alilojia mpaka amekaa, amekunywa maji na amepoa jasho. Na sote tumekua na methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sebuleni tunaifuata. Tukiingia ukumbini na ajenda mkononi, tunampa mtu jembe dakika ya kwanza, na shamba lenyewe hajalionyeshwa. Wengi watasema kusimamisha mgeni ndiyo heshima yetu, akikaa kimya watu watamhisi ana maringo. Naielewa hoja hiyo, na mgeni wa namna ya kupenda kusimama yupo, mwacheni asimame. Ila muulizeni kabla. Na swali la PE au GE lisiulizwe kabisa siku hiyo, orodha ya usajili anayo katibu na inasomeka kimyakimya.

Rafiki yangu mmoja siku hizi ni katibu wa tawi huko nyumbani. Nilimtumia maelezo haya yote kwa sauti, dakika sita, akiwa kwenye foleni ya mafuta. Ujumbe wa siku nne kabla aliukubali, na mtu wa mlangoni aliniambia ameshampata. Kuhusu mchango alisita sana. Baada ya kimya kirefu akaandika: "Sawa kaka, mchango tutamwomba mwezi wa pili."