Noti ya Dola Ina Heshima Kuliko Mjomba

Lubumbashi mjomba akishuka kwenye basi la safari ndefu, shati limekunjamana na ukosi umekatika, anapokelewa kwa shangwe na kuku anachinjwa. Noti ya dola mia ikifika imechanika pembeni, hata kwa upana wa mbegu ya ulezi, inarudishwa ilikotoka. Hiyo ndiyo nchi yetu. Noti si yetu, lakini wivu tulionao juu yake hata Wamarekani hawana.

Watu wanasema Wakongomani wanapenda makuu, ndiyo maana wanaweka dola. Makuu gani? Mwulize mama anayeweka akiba chini ya godoro kama alipata raha kuacha hela ya kwao. Mwaka 1993 serikali ya Mobutu ilibadilisha hela iliyoitwa zaire: zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zikaja faranga: zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Piga hesabu mwenyewe. Faranga moja ni sawa na zaire za kwanza bilioni 300. Aliyekuwa amefukia sanduku la noti uani, alichofukua kilifaa kuwashia makaa.

Na hiyo faranga ilipozaliwa, dola moja haikufika faranga 2. Tulishangilia. Leo dola moja inadai faranga elfu mbili na ushee.

Balaa la faranga ni kwamba hukaa kimya kwanza. Kwa miaka kadhaa hadi 2015 dola ilikuwa karibu faranga 920, haitikisiki, ukadhani imeokoka. Tuseme baba mmoja aliamini, akaweka faranga 920,000, yaani dola 1,000 kamili. Bei ya madini ikashuka, dola zinazoingia nchini zikapungua, na mwisho wa 2017 dola ikawa karibu 1,600. Faranga zake ni zilezile 920,000, hakuna aliyeiba hata moja. Ila sasa ni dola 575. Mwizi angekuwa na aibu kidogo, angebeba robo tu na redio.

Sasa kwa nini asinunue kwa faranga hizohizo aishi kwa faranga? Kwa sababu deni lenyewe limeandikwa kwa dola. Mwenye nyumba anataka kodi kwa dola, tena na garanti ya miezi kadhaa juu. Shule nyingi za kulipia zinataja ada kwa dola. Mshahara ukilipwa kwa faranga, baba huyo anapita kwa wakambisti wanaobadilisha fedha kabla ya kupita kwa mkewe. Hata benki, sehemu kubwa kabisa ya akiba za wateja ni dola, na simu ina pochi mbili, ya dola na ya faranga. Ya faranga ni ya nyanya na usafiri.

Haya, umepata dola. Sasa anza kuilea. Noti ya dola 1 sahau, hakuna anayeitaka. Iliyochanika, yenye mhuri au kalamu, au yenye kichwa kidogo cha zamani, utakatwa thamani au utafukuzwa. Noti hiyohiyo Marekani ingenunua mkate bila swali, lakini benki za kwetu hazitaki gharama ya kuirudisha huko, na wakambisti hawataki kubaki nayo. Kwa hiyo usiikunje, usiibane kwa stepla, usiifiche kwenye mtungi wenye unyevu. Ukipewa mia ya mtindo mpya, papasa bega la mzee kwenye picha, linakwaruza. Inue juani, sura ya pili ya mzee huyo inaonekana pembeni. Ukiinamisha noti, michoro ya utepe wa buluu inatembea. Isipotembea, tembea wewe.

Halafu chenji! Unanunua kitu cha dola 7 kwa noti ya 20. Dola 13 unarudishiwa kwa faranga, kwa bei ya mwenye duka. Tuseme sokoni dola ni 2,800, kama mwanzoni mwa 2025, yeye anahesabu 2,700. Unapokea 35,100 badala ya 36,400. Faranga 1,300 zimeyeyuka hapo mezani, na huwezi kugomba kwa sababu nyuma yako kuna foleni inayokutazama kama mchoyo.

Na mwaka 2025 faranga ikaamua kupanda, dola ikashuka kutoka karibu faranga 2,800 hadi chini ya 2,500. Waliobana dola miaka yote wakajikuta noti ileile inaleta faranga chache. Sawa, basi unga wa mahindi nao ungeshuka. Unga haukuwa na habari. Dola ikipanda asubuhi, muuzaji anafuta bei kwa mkono kabla ya chai. Ikishuka, anakwambia mzigo huu aliununua zamani.