Panchi Kwanza, Mstari Baadaye

Vijana wengi wanaoanza kuchana mitindo huru, yaani kurap mistari ya papo kwa papo, hapa Mwanza wanafanya mazoezi kinyume. Wanaanza mstari kutoka mwanzo wake na kuomba neno la mwisho litokee lenyewe. Wakikwama, wanadhani tatizo ni kasi, kwamba akili zao ni nzito kuliko za wenzao. Mimi nasema kasi inakuja baadaye sana. Anayejua atakapoishia hahitaji haraka, na kwenye duara la kurushiana madongo kinachokumbukwa ni panchi, lile pigo linalotua kwenye neno la mwisho la mstari wa pili. Yote yaliyotangulia yapo kwa ajili ya kulifikisha hapo.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu lugha yetu. Kiswahili kinatoa vina kama mvua ya masika. Maneno karibu yote yanaishia na irabu, na vitenzi vinabeba viambishi vilevile, kwa hiyo anayeanza anaweza kuchana dakika nzima bila kukosa kina hata mara moja na bila kumchekesha mtu yeyote. Nadhani umewahi kusikia kitu cha namna hii:

*Nimekuja hapa leo nitakuonesha,*
*hiyo kofia yako inachekesha,*
*mistari yangu mikali itakukomesha.*

Kina kipo, lakini hakuna dongo. Ukitaka kujua kwa nini, vua kiambishi cha mwisho kwenye kila neno. Onesha inarudi kuwa ona, chekesha inakuwa cheka, komesha inakuwa koma. Hakuna kilichobaki kinachofanana. Msikilizaji hawezi kukueleza hilo kwa maneno ya darasani, lakini sikio lake linajua kwamba "-sha" ilikuwa inakuja tu, kwa sababu ingeweza kukaa kwenye kitenzi chochote. Hakuna mshtuko, na bila mshtuko hakuna kelele.

Sasa tuchukue kofia hiyohiyo. Jamaa amesimama mbele yako saa nane mchana, kofia yake ina ukingo mpana kuliko mabega. Usianze kusema. Jiulize swali moja tu: hiki kitu kinafanana na nini? Kinafanana na mwavuli. Basi hilo ndilo neno la mwisho, na tayari una panchi, kwa sababu kila aliyepo anaiona kofia na akisikia mwavuli atacheka kabla hujamaliza. Kilichobaki ni kutafuta mwenza wa neno hilo. Mwavuli na kivuli. Je, kuna jambo la kweli, linaloonekana hapohapo, linaloweza kuishia na kivuli? Jua. Sote tunachomwa na jua, yeye peke yake hachomwi. Mstari wa kwanza umejitengeneza:

*Jua linatuchoma, we uko kivulini.*
*Hiyo siyo kofia, we umo mwavulini.*

Fanya tena ule mtihani. Ondoa "-ni" kwenye maneno yote mawili. Kivuli na mwavuli bado vinaoana. Hicho ni kina cha kweli, cha silabi zaidi ya moja, na hakitegemei sarufi ikubebe.

Angalia pia urefu. Kila mstari hapo una mizani 14, yaani silabi 14. Waliosoma ushairi sekondari wanakumbuka mshororo wa mizani 16, 8 upande huu na 8 ule, wenye kina cha kati na kina cha mwisho. Kipimo hicho kinakaa vizuri ajabu kwenye biti la kuchana. Mstari mmoja unakaa ndani ya midundo 4, na kila mdundo ukigawanywa mara 4 unapata nafasi 16. Ukijaza nafasi zote umejifunga pumzi. Ukibaki kwenye 12 hadi 15 unapata pa kuvuta hewa na pa kuachia kicheko. Anayeweka silabi 20 utamjua haraka: anaanza vizuri, anakimbia katikati, na neno la mwisho, lile lililotakiwa kuua, linamezwa.

Hesabu ya muda inatisha mpaka uiangalie kwa karibu. Kwenye biti la midundo 90 kwa dakika, mstari mmoja unachukua chini kidogo ya sekunde 3. Mistari 4 ni kama sekunde 11. Lakini mpinzani wako naye anazo sekunde zake 11, na hizo ni zako za kufikiri. Wakati yeye anachana unapaswa kuwa umeshapata neno lako la mwisho. Kwa hiyo swali la wapi pa kupata muda lina jibu: unaupata kwa kusikiliza, na anayejitayarishia mistari yake huku mwenzake anachana anautupa.

Jamaa wa kofia akiwa anasikiliza kweli, atafanya hivi:

*Mwavuli nimeuleta, ukichana ni mate,*
*kama mwenye njaa kali aliyeona mkate.*

Hapo duara litavunjika. Amelikubali dongo lote, ni kweli huu ni mwavuli, kisha amekuonyesha kwamba wewe ndiye sababu ya kuubeba. Mstari wa kwanza ameuchukua kwako, hivyo hakuhitaji kuubuni kutoka hewani. Na watu wote wanajua kwamba hakuuandika nyumbani, kwa sababu asingeweza kujua jana kwamba leo ungesema mwavuli. Kwangu mimi huo ndio ushahidi wa mitindo huru. Mchanaji anayeleta mistari 8 mizuri ambayo haina kofia, haina jua, haina neno hata moja la mpinzani, amekariri. Hata kama ni mikali, nisingempa ushindi.

Wazee wetu wa Usukumani walilijua jambo hili zamani. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili makubwa ya ngoma, bado wanashindana, na watu wa Bujora kule Kisesa wanawaona kila mwaka. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na kundi linaloshinda ni lile linalovuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji wa kukuonea huruma kwa sababu ulijitahidi. Mtazamaji anageuka tu na kwenda kwa mwenzako. Duara la wachanaji lina hukumu hiyohiyo, kwa hiyo dongo linalohitaji maelezo limeshashindwa.

Turudi kwenye mazoezi. Ukipanda daladala kutoka Igoma kwenda mjini una somo kamili bila biti. Chagua kitu dirishani, tafuta kinachofanana nacho, taja neno la mwisho, tafuta mwenza wake. Mstari usiutunge kwanza. Tafuta jozi tu, kisha nenda kwenye kitu kingine. Utagundua mapema kwamba maneno hayalingani utajiri. Mwavuli lina wenza wachache. Lakini samaki wa ziwa letu wana ukoo mkubwa: dagaa wana njaa, mtaa, taa na balaa; sangara ana hasara, biashara, sigara na barabara; kamongo ana uongo, ubongo na mgongo. Jifunze mafungu kama hayo, manne au matano tu, mpaka ukisikia moja mengine yanakuja bila kuitwa. Ukiona panchi yako inaishia kwenye neno lisilo na wenza, geuza sentensi mpaka liishie neno lingine.

Hatua inayofuata ni biti, na hapa wengi wanaruka. Weka biti la taratibu, midundo 70 au 75, na usichane. Nung'unika bila maneno kwenye midundo 3 ya kwanza, kisha tua na neno lako kwenye mdundo wa 4. Mm-mm-mm, kamongo. Mm-mm-mm, uongo. Linaonekana zoezi la kitoto, lakini linafundisha kitu ambacho kukariri hakifundishi: kutua mahali pake. Likishakaa, anza kujaza maneno kutoka nyuma kuja mbele, kwanza mdundo wa 3, halafu wa 2. Kwa njia hiyo mstari unajengwa kutoka kwenye panchi na hauwezi kuipoteza.

Baada ya hapo unahitaji mtu wa pili. Yeye anachana mistari miwili, wewe lazima uanze na neno lake la mwisho au kitu alichokitaja. Sheria iwe moja: hakuna kusimama. Ukikosa neno, endelea kusema chochote mpaka mdundo wa 4 upite, kisha anza upya. Kinachoua wanaoanza ni kujisahihisha katikati ya mstari. Watafiti wa Marekani waliochunguza ubongo wa wachanaji 12 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012 waliona kwamba wakati wa mitindo huru, sehemu za ubongo zinazohusika na kujisimamia zinapunguza kazi, tofauti na wakati wa kuchana mistari iliyokaririwa. Kwa hiyo jirekodi kwenye simu na ujisahihishe kesho yake. Ukisikiliza, tafuta mambo mawili tu: vina vinavyokufa ukivua kiambishi, na neno la mwisho lililomezwa.

Kuhusu vijazio, kama "sikilizeni wana Mwanza" au "nasema hivi," mimi navikubali kwenye mstari wa kwanza, pale unapoingia. Kabla ya panchi sivikubali. Kijazio kinachokuja sekunde moja kabla ya neno kubwa kinamwambia kila mtu kwamba hukuwa nalo.

Na madongo yenyewe yana mpaka. Kofia, viatu, simu iliyopasuka kioo, sauti, mistari aliyotoka kuisema: hivyo vyote ni halali. Mama wa mtu, ugonjwa, msiba, kazi aliyofukuzwa, viache. Sisemi hivyo kwa adabu pekee, ingawa adabu inanitosha. Tusi la namna hiyo linaumiza hata likisemwa bila kina na bila biti, kwa hiyo halionyeshi ufundi wowote. Tena duara linanyamaza, na mpinzani wako akijibu kwa dongo dogo la kawaida watu wote watamshangilia yeye. Utani wetu wa makabila umedumu kwa sababu anayetaniwa anabaki amesimama na ana haki ya kurudisha.

Siku ya kwanza ukienda kusimama kwenye duara, iwe Kirumba au Nyegezi, omba uwe wa pili. Wa kwanza anaanza na mikono mitupu. Wa pili amepewa neno, na akiwa amefanya zoezi la daladala neno hilo tayari lina wenza watatu. Chukua mistari miwili tu, usitake minne. Tua, kisha funga mdomo nusu mstari ili watu wapate nafasi ya kupiga kelele.