Stripu za oksidesi ni za zamani, sawa, lakini hiyo mpya inachanganya nini?

"Famasi hapa Darajani kaniambia mashine yangu ya sukari ni ya oksidesi, imepitwa na wakati, ninunue ya dihaidrojinesi maana hiyo haidanganyiki. Kweli?"

Nusu kweli dada'angu, na ile nusu iliyobaki ndo yenye hatari.

Mashine haioni sukari. Ukigusisha tone la damu kwenye ncha ya stripu, damu inavutwa ndani, kidogo tu, stripu nyingi za siku hizi hata maikrolita moja haifiki, inakutana na enzaimu iliyokaushwa mle, na oksidesi na dihaidrojinesi ndo majina ya enzaimu hizo. Enzaimu inainyang'anya kila chembe ya glukosi elektroni mbili, inazikabidhi kwa kemikali mbebaji, mbebaji anazifikisha kwenye elektrodi, na mashine inapima umeme unaopita kwa sekunde chache halafu inakutolea namba. Kwa hiyo ile 6.4 unayoiona ni hesabu ya elektroni, na chochote kitakachoongeza elektroni au kuziiba njiani kitaibadilisha namba hiyo na wewe hutojua.

Sasa oksidesi. Kasoro yake ni kwamba kwa maumbile yake imezoea kuzitoa zile elektroni kwa oksijeni, na damu ina oksijeni, kwa hiyo mle ndani ya stripu oksijeni na mbebaji wanagombania. Oksijeni ikiwa nyingi sana inazichukua elektroni na namba inatoka chini kuliko ukweli, ikiwa chache sana namba inapanda. Hilo ndilo alilokusudia huyo wa famasi na hajasema uongo. Mgonjwa aliyelazwa anavuta oksijeni ya mtungi, au nesi aliyechukua damu ya mshipa akaiweka kwenye stripu iliyopangwa kwa damu ya kidole, au mtu aliyepanda Kilimanjaro, hao oksidesi inaweza kuwapa namba iliyopotoka. Lakini sisi tupo usawa wa bahari, na mtu mzima anayetembea zake Malindi akajidunga kidole, oksijeni yake ni ileile ambayo stripu imetengenezewa. Watu wanaikebehi oksidesi kwa kosa ambalo nyumbani halimfikii karibu yeyote, halafu wanasahau sifa yake kubwa, nayo ni kwamba haina tamaa. Inataka glukosi tu. Sukari nyengine ikipita mbele yake haihangaiki nayo kabisa.

Dihaidrojinesi yenyewe kwa upande wa oksijeni iko salama, haiijali, na ndo maana spitali nyingi duniani waliipenda. Tatizo jina hilo ni la ukoo mzima, na wauzaji wanalitaja kama ni kitu kimoja. Enzaimu hii haifanyi kazi bila msaidizi, na msaidizi anaweza kuwa PQQ, FAD au NAD, na hapo ndipo tabia zinapoachana. Ile ya PQQ ni ya haraka na ina nguvu, ila haichagui. Maltosi inaichukua, galaktosi inaichukua, zailosi inaichukua, hizo ni sukari za aina nyengine, na zote inazihesabu kama glukosi.

Kabla hujaogopa mkate wa mofa na ubwabwa, maltosi ya chakula inakatwakatwa tumboni ikawa glukosi kabla haijaingia kwenye damu, kwa hiyo kula hakuleti tatizo hili. Linakuja pale maltosi inapoingia mwilini kwa mlango mwengine. Mlango mkubwa ni maji ya kusafishia damu kwa njia ya tumbo yanayoitwa ikodekstrini, ambayo wagonjwa wa figo wanaachiwa tumboni masaa mengi, mara nyingi usiku kucha. Sehemu yake inanyonywa, inavunjwa ndani ya damu ikawa maltosi, na damu yetu haina uwezo wa maana wa kuivunja zaidi, basi inabaki inazunguka. Hata ukiacha yale maji, inaweza kuchukua hadi wiki mbili kuisha.

Tuchukulie mfano. Mzee anaishi Maskati, ana kisukari na figo, anatumia maji hayo na anadunga insulini, kaja Pemba kwa Idi. Stripu zake zimemwishia, shemeji yake wa Wete anamwazima mashine, kumbe ni ya PQQ. Alfajiri mzee anatoka jasho, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Wanampima, 9.1. Basi wote wanatulia, "sukari haijashuka, labda uchovu wa safari", na pengine wanaona 9.1 si nzuri wanamwongezea insulini. Ndani ya ile 9.1 glukosi halisi ni 2.6, iliyobaki yote ni maltosi na jamaa zake. Angekuwa na mashine ya oksidesi ya babu kizee ingesoma karibu na 2.6 na angepewa tende na juisi saa ileile.

Hapa ndipo mimi siwezi kuzipima kasoro mbili hizi kwa mizani moja. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba imepokea ripoti za vifo 13 tangu 1997 vinavyohusiana na stripu za PQQ kuchanganya sukari, na 10 kati ya hivyo ni vya watu waliokuwa kwenye ikodekstrini. Kumi na tatu inaonekana ndogo kwa miaka yote ile, lakini hizo ni zilizoripotiwa tu, na zilipatikana kwa sababu kuna mtu alishtuka akapeleka damu maabara akalinganisha. Pasipokuwa na wa kulinganisha, mtu kafa na sukari 9, nani atauliza? Kosa la PQQ linaelekea upande mmoja, juu, yaani linamficha mtu ambaye sukari yake inaanguka, na mwenye kudunga insulini hilo ndilo kosa asilolimudu.

Haki itendeke lakini. Dihaidrojinesi ya FAD haiichukui maltosi wala galaktosi, na oksijeni haiijali, kinachoichanganya ni zailosi, ambayo utaikuta kwenye kipimo maalumu cha utumbo na si kwengineko sana. Na ile ya PQQ yenyewe kuna iliyorekebishwa isiidake maltosi kama mwanzo. Kwa hiyo mpya nzuri zipo, tena nzuri sana. Ila usidhani kubadilisha enzaimu kunaondoa kila kitu, vitamini C ya dripu kwa dozi kubwa inaweza kupandisha namba kwenye aina zote mbili maana inapeleka elektroni zake bila kupitia kwa enzaimu, na mwenye upungufu mkubwa wa damu stripu nyingi zinamsomea juu.

Kwa hiyo wewe, kama hutumii oksijeni ya mtungi na mashine yako inafanya kazi, sioni sababu ya kuitupa. Ukitaka kununua nyengine usiulize kama ni mpya, fungua boksi la stripu utoe karatasi ya ndani, tafuta palipoandikwa vilivyomo. Utakuta "glucose oxidase" au "GOD", au "GDH", ndo dihaidrojinesi hiyo, na herufi za msaidizi pembeni. "FAD-GDH" chukua. Imeandikwa "PQQ" na nyumbani kuna mgonjwa wa maji ya tumboni, rudisha. Haijaandikwa msaidizi, muulize, na akikujibu "zote sawa" nenda duka jengine. Na mtu akitetemeka na kutoka jasho huku mashine inasema 9, kama anaweza kumeza mpe kitu kitamu chenye glukosi kwanza, kama hawezi usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni spitali, na damu ya mshipa ipimwe maabara, insulini isiguswe mpaka jibu hilo litoke.