Saa yako haihitaji kuzungushwa, inahitaji kukauka

Nimechoka kuona watu wenye saa tatu au nne za otomatiki, zile zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono, wakiambiwa wanunue kisanduku cha umeme cha kuzizungusha, eti saa ikisimama "inakufa". Wanaambiwa hivyo hapa Mombasa, mji ambao mkanda wa ngozi ukiachwa kabatini masika moja unaota kuvu. Mtu analipa pesa nyingi kutatua tatizo ambalo hana, na lile analo linaendelea kumlia saa kimyakimya.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Zamani mafuta ya saa yalitokana na wanyama, na yalikuwa yakiganda haraka. Mafuta ya siku hizi ni ya kutengenezwa viwandani, na yanazeeka kwa miaka, saa ikitembea au ikilala. Kuzungusha hakuyafanyi mapya. Kinachoongezeka ni kazi. Saa ya kawaida ya Seiko hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja. Iache itembee siku 180 bila kuvaliwa, itakuwa imepiga zaidi ya milioni 93, na hakuna mtu aliyeitazama. Rota nayo, kile chuma cha nusu duara mgongoni mwa mashine, huzunguka juu ya beringi yake muda wote huo. Na springi inayoiendesha saa ikishajaa haivunjiki, ila ncha yake huteleza ndani ya ngoma yake, na grisi ya pale ndiyo inayolika. Saa iliyosimama hailiki popote.

Nakubali, yupo mtu anayekihitaji kile kisanduku: mwenye saa yenye kalenda inayojua miezi mifupi na miaka mirefu, ambayo kuipanga upya ni shughuli ya kuharibu asubuhi nzima. Huyo anunue, aangalie mwelekeo wa mzunguko unaotakiwa na mashine yake, na aweke mizunguko kama 650 hadi 800 kwa siku. Wewe mwenye saa ya siku na tarehe, kuipanga ni dakika moja.

Sasa tuje kwenye unyevu, maana hapo ndipo saa za pwani zinapofia. Unyevu huingilia kwenye ufunguo wa pembeni, pale mpira wa kuziba ulipokauka au kukatika. Kutu huanzia kwenye kile kijiti chembamba kinachounganisha ufunguo na mashine. Utaijua mapema: ukivuta ufunguo unahisi mkwaruzo kama kuna mchanga, na ukiutazama kwa karibu unaona unga wa kahawia shingoni. Ikifika kwenye uso wa saa, madoa hayatoki tena.

Chukua mfano wa baharia anayepanda meli mwezi wa tatu, kabla masika hayajaanza, na kurudi mwezi wa tisa. Anaacha saa nne: Seiko 5 mbili zenye mashine ya 7S26, moja ya kupiga mbizi ya mita 200, na ya nne ya zamani ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye mkanda wa ngozi.

Aanze kwa kupima kama kuna unyevu ndani tayari. Avae saa mpaka ipate joto la mwili, kisha aweke tone la maji ya friji juu ya kioo, asubiri dakika moja na kufuta. Ukungu ukionekana upande wa ndani, saa hiyo isifungiwe popote. Iende kwa fundi siku hiyohiyo ifunguliwe, ikaushwe na kubadilishwa mipira.

Halafu chumvi itoke. Ile ya kupiga mbizi, ikiwa mipira yake imepimwa karibuni na ufunguo umekazwa, ioshwe kwa maji na sabuni kidogo na mswaki laini. Tafadhali yawe maji matamu. Maji ya kisima ya mitaa mingi hapa yana chumvi, na ukioshea hayo umeongeza ulichotaka kuondoa. Tatu zilizobaki zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hasa nyuma ya mfuniko na kwenye viungo vya mkanda wa chuma, ambako jasho hukaa. Kisha zikae usiku kucha kwenye chumba chenye eisi, zikauke kabisa.

Mkanda wa ngozi uvuliwe. Hili watu hulipuuza, na ndilo lenye hesabu ya kushangaza. Kopo la lita mbili likifungwa siku ya joto la digrii 30 na unyevu wa asilimia 80, hewa yake yote imebeba maji kama gramu 0.05 tu. Mkanda mmoja wa ngozi wa gramu 15 unaweza kuwa na gramu mbili. Vile vimito vya mahameli vya maboksi ya saa ni hivyohivyo. Kwa hiyo adui hujamfungia nje, umemfungia ndani pamoja na saa. Toa ngozi, toa vimito, toa sponji pia, maana sponji za zamani hugeuka unga na kunata.

Kila saa aifunge kwa kitambaa kikavu cha pamba, aziweke kwenye kopo la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, aweke na gramu 50 za silika jeli ya rangi ya chungwa, ile inayogeuka kijani ikishiba, na kipimo kidogo cha unyevu. Kipimo kikishuka chini ya asilimia 50, ameshamaliza kazi. Mtu wa nyumbani atazame rangi mara moja kwa mwezi kupitia plastiki. Punje zikishiba, zitolewe kwenye mfuko, zitandazwe kwenye trei na kukaushwa ovenini kwa digrii 120 kama saa mbili, kisha zipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Kopo likae kabati la ndani, mbali na ukuta unaonyeshewa mvua na mbali na spika, kwa sababu ya sumaku. Hakuna haja ya mtu kuja kuzitia ufunguo kila mwezi.

Akirudi, asikimbilie kubadilisha tarehe. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri meno ya kalenda huwa yameshikana, na kulazimisha tarehe wakati huo huyavunja. Aipeleke mishale yote miwili iangalie chini kwanza, hapo ni salama iwe asubuhi au jioni, ndipo apange. Ya zamani aitie ufunguo taratibu mpaka ikatae, aishie hapo. Zile 7S26 hazijazwi kwa ufunguo, basi azichezeshe kushoto na kulia nusu dakika, halafu azivae.

Alinganishe na simu kwa siku moja au mbili. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, huenda imeshika sumaku, na fundi ataitoa kwa kifaa chake kwa muda mfupi. Ikisimama mapema ingawa imejaa, huenda mafuta yamechoka: ifunguliwe isafishwe, jambo ambalo kwa saa nyingi linahitajika kila miaka mitano hivi. Na pesa iliyokusudiwa kisanduku cha kuzungusha inatosha kulipia mipira mipya ya zote nne.