Ukiomba "fundi mzuri" utapewa namba za simu

Mwaka juzi ukuta wa nje ya bafu langu ulianza kutoa doa la unyevu, chini kabisa, karibu na sakafu. Rangi ikavimba, plasta ikaanza kumeguka ukiigusa kwa kidole. Nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: nikaandika kwenye kundi la majirani, lenye watu zaidi ya mia mbili, "Jamani, naomba fundi bomba mzuri na mwaminifu."

Ndani ya saa moja nilikuwa na majibu 17, na nikajiona nina bahati. Jioni nilipokaa kuyasoma vizuri, 11 yalikuwa namba za simu tupu, bila neno hata moja. Matatu yalikuwa ya watu waliosema "hata mimi natafuta, tafadhali mkinipatia". Wawili walikuwa mafundi wanaojitangaza wenyewe. Mmoja tu, mama mmoja mtu mzima ambaye huwa haandiki sana, aliuliza, "Tatizo lenyewe ni nini, mwanangu?" Sikumjibu. Nilishaona namba moja imetajwa na watu watatu, nikaipiga.

Yule fundi alikuja kwa wakati, mpole, akaangalia doa, akasema ni kiungo cha bomba la maji safi ndani ya ukuta. Akapasua vigae sita, akabadilisha kiungo, akafunika, akalipwa. Baada ya wiki mbili doa lilirudi pale pale, kana kwamba hakuna aliyepita.

Hapo ndipo nilipowapigia wale watatu waliomtaja, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla. Wa kwanza alikuwa amezibuliwa sinki la jikoni. Kazi ya nusu saa, na kweli sinki lilizibuka. Wa pili hajawahi kumtumia kabisa. Alimsikia kwa wa kwanza akaona atoe msaada. Wa tatu, baada ya kusitasita kidogo, akaniambia ni shemeji yake. Kwa hiyo ile sauti ya watu watatu niliyoiamini ilikuwa sinki moja lililozibuliwa, mwangwi wake, na undugu.

Simlaumu hata mmoja wao. Niliuliza swali ambalo jibu lake rahisi ni namba ya simu, na watu walijibu nilichouliza. Swali pana humvuta mwenye jibu la haraka. Mtu mwenye uzoefu wa maana, ambaye angehitaji kuandika sentensi tano kueleza, anaona namba 11 zimeshapita, anasema moyoni "basi kashasaidiwa", anaendelea na shughuli zake. Na yule aliyeharibiwa kazi na fundi huyo huyo anakaa kimya zaidi, kwa kuwa hajui nani kwenye kundi ni ndugu wa nani. Kundi kubwa lina taarifa nyingi mno, ila nusu yake, tena ile nusu yenye thamani, haisemwi hadharani.

Halafu kuna hilo neno "mwaminifu". Ukilichunguza, lina mambo matatu ndani yake na kila mtu analijibu kivyake. Kuna anayemaanisha kwamba fundi haibi. Unaweza kumwachia nyumba. Kuna anayemaanisha anakuja siku aliyosema. Na kuna maana ya tatu, ambayo kwa bomba lililofichwa ukutani ndiyo hasa unayoihitaji: kwamba akiwa hajui panapovuja atakwambia hajui, badala ya kuanza kupasua. Shemeji wa watu alikuwa mwaminifu kwa maana mbili za kwanza. Vigae vyangu sita vilivunjwa na kukosekana kwa ile ya tatu.

Mara ya pili sikukimbilia kundi. Nilianza na mita ya maji. Usiku, wote wamelala, nilihakikisha kila koki imefungwa, nikapiga picha ya mita, na asubuhi kabla ya mtu yeyote kugusa maji nikapiga nyingine. Tarakimu hazikusogea hata kidogo. Maji yasipokatika, bomba la maji safi lina msukumo saa 24, kwa hiyo likitoboka mita haipumziki. Kama nyumba yako ina tangi la akiba, hesabu hiyo haitakusaidia sana, kwa sababu mita haioni moja kwa moja kinachovuja baada ya tangi. Nyumba yangu haina tangi. Siku mbili zilizofuata nikaangalia jambo lingine: doa linakolea lini? Lilikuwa linakolea kama saa moja baada ya watu kuoga, na tuliposafiri kwa siku nne tulilikuta limefifia. Maana yake yaelekea uvujaji ulikuwa upande wa maji machafu, au kwenye sakafu ya bafu yenyewe. Sikuhitaji kuwa fundi kujua hilo. Lakini kulijua kuligeuza kabisa swali langu.

Niliandika hivi, na ninaunakili ujumbe kama ulivyokuwa:

"Habari zenu. Nina unyevu kwenye ukuta wa bafu, chini. Mita haisogei usiku, na doa linaongezeka baada ya kuoga, hivyo nadhani ni bomba la maji machafu au sakafu. Fundi mmoja ameshapasua vigae, hakufanikiwa. Natafuta aliyewahi kutafutiwa uvujaji uliojificha, siyo kuzibua wala kufunga koki mpya, na ambaye kazi yake ina angalau miezi sita sasa. Naomba uniambie: alijuaje panapovuja kabla ya kuvunja? Alifanya yeye mwenyewe au alituma kijana? Na ni kitu gani hakikukupendeza? Sina haraka, naweza kusubiri hadi wiki ijayo. Ukipenda, niandikie pembeni."

Nilipata majibu manne tu, mawili hadharani na mawili pembeni. Kuna watu wangevunjika moyo. Mimi niliyafurahia, maana kila moja lilikuwa na kisa ndani yake.

Niseme kidogo kwa nini niliweka yale maswali. Miezi sita ni kwa sababu kazi ya bomba lililozikwa haihukumiwi siku ya malipo. Siku hiyo vigae vinang'aa, saruji mbichi inaficha kila kitu, na mteja ana furaha ya kupumua. Ukuta uliolowa huchukua wiki nyingi kukauka, kwa hiyo hata kazi nzuri huonekana mbaya mwanzoni, na kazi mbaya inaweza kuonekana nzuri mpaka unyevu upite tena kwenye plasta mpya. Anayekusifia fundi wa jana anakusifia tabia yake tu.

Swali la kijana lilitokana na mambo niliyoyaona kwa wengine. Fundi akishapata jina, simu zinakuwa nyingi kuliko mikono yake. Anapokea yeye, anapatana nawe yeye, anakuja mwanafunzi wake. Mwanafunzi anaweza kuwa hodari, sikatai, lakini sifa uliyoisikia haikuwa yake.

Na lile la "hakikukupendeza" ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mtu aliyefanyiwa kazi kweli huwa na dosari ya kutaja: alichelewa, aliacha vumbi sebuleni, hapendi kupokea simu, anaongea mno. Asiyekuwa na dosari yoyote ya kutaja mara nyingi hajamtumia, au ni wa nyumbani kwao. Pia swali hilo linampa jibu halali yule ambaye asingependa kusema "usimchukue". Mmoja wa walioniandikia pembeni alinitajia kwa upole kwamba fundi fulani, mwenye sifa kubwa kundini, "ana mkono mwepesi wa nyundo". Maneno hayo asingeyaandika mbele ya watu mia mbili.

Jibu nililolifuata lilitoka kwa yule mama aliyeniuliza tatizo ni nini mara ya kwanza. Nilimpigia, nikamwomba radhi kwa kutomjibu, akacheka. Akanieleza: "Huyu mzee ana maringo, na atakufanya usubiri. Lakini kwangu hakuvunja kitu siku ya kwanza. Alikaa bafuni na ndoo ya maji kama saa mbili, nikadhani ananichezea." Nikamuuliza lini. Akasema imepita misimu miwili ya mvua na ukuta wake ni mkavu.

Na kweli yule mzee alinisubirisha siku nane. Alipokuja aliziba tundu la kutolea maji sakafuni kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, akamwaga maji kiasi cha kina cha kidole, akachora alama ya penseli ukutani, akaomba chai. Baada ya zaidi ya saa moja maji yalikuwa kwenye alama ile ile, na ukuta wa nje haukuongezeka unyevu. Sakafu ilikuwa salama. Kisha akafungua tundu, akamwaga ndoo moja taratibu kupitia hapo hapo, na baadaye nyingine. Safari hii doa lilianza kukolea tukiliangalia. Akasema, "Shingo ya tundu." Akainua vigae viwili tu, na hapo palipoungana tundu na bomba la kutolea maji palikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha.

Watu huniuliza kama utaratibu huu unafaa kwa mambo mengine, hasa shule. Unafaa kwa sehemu. Shule haina mita ya kusoma usiku, na mzazi anayeisifu amewekeza mtoto wake humo, kwa hiyo anajitetea bila kujua. Hapo mimi huwatafuta wazazi waliohamisha watoto, nawauliza kilichowatoa, kisha nawauliza waliobaki kama jambo hilo hilo linawagusa. Na badala ya kuuliza shule nzuri, nauliza tukio: mara ya mwisho mtoto wako alipobaki nyuma kwenye hesabu, nani aligundua kwanza, wewe au mwalimu? Mzazi wa mtoto aliyeko darasa hilo mwaka huu analijibu mara moja. Wa miaka mitano iliyopita anaelezea walimu ambao huenda wameshaondoka.

Sitaki kuficha kwamba ujumbe mrefu una hasara yake. Bomba likipasuka saa nne usiku na maji yako hadi kwenye zulia, usiandike insha. Funga valvu kuu, omba mtu yeyote aliye karibu na anayepokea simu, mshukuru akija. Namba 11 tupu zina siku yake.

Baada ya miezi saba nilirudi kundini nikaandika yaliyotokea: tatizo lilikuwa wapi, mzee alilipataje, na kwamba anasubirisha. Nilimwomba ruhusa kwanza kabla ya kutaja namba yake, akakataa, akasema kazi alizonazo zinamtosha. Nikaandika bila namba. Watu sita waliniuliza pembeni, na kila mmoja nilimuuliza kwanza kama ameangalia mita.