Mdaiwa hadaiwi pesa

"Hivi zile lebo za mabano kwenye kamusi, sheria, tiba, bahari, zina kazi gani? Si zinajaza kurasa tu?"

Wanaoziponda wana hoja jamani. Chukua neno tezi. Kwa daktari ni kiungo cha mwilini, kwa nahodha ni upande wa nyuma wa chombo, ndo maana wazee wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sasa kamusi ikiweka lebo ya bahari, mvuvi wa hapa Bagamoyo atakushangaa, kwake hilo neno ni la kila siku kama sufuria, lina utaalamu gani? Afu maana mbili zenyewe ziko mbalimbali kiasi kwamba sentensi tu inakwambia ni ipi, hamna mtu atakayedhani jahazi limevimba tezi.

Ila mi naona watu wanaangalia maneno ambayo sio. Lebo haikusaidii sana kwenye neno usilolijua, maana hilo utalitafuta tu. Inakusaidia kwenye neno unalodhani unalijua.

Jirani yangu mmoja aliletewa samansi ya baraza la ardhi, ugomvi wa mpaka wa shamba la minazi, na jina lake limeandikwa pale kwenye mdaiwa. Mzee akacheka, akasema mimi sina deni la mtu, hawa wamekosea nyumba, karatasi akaitupia kabatini. Na kweli mtaani mdaiwa ni mwenye deni, lakini kwenye shauri la madai mdaiwa ni yule aliyefunguliwa kesi, hata kama hakukopa senti na hata kama hana kosa lolote, na mdai ni aliyeifungua. Siku ikafika hakwenda, kesi ikasikilizwa upande mmoja, akaja kushtuka uamuzi umeshatoka. Hapo sentensi isingemwokoa, maana "mdaiwa anatakiwa kufika" inaeleweka vizuri kabisa kwa ile maana ya mtaani, na hapo ndo hatari ilipo.

Kamusi nzuri ingeandika hivi: mdaiwa, 1. mtu anayedaiwa deni, 2. (sheria) mtu aliyefunguliwa shauri la madai. Angalia mabano yamekaa wapi, baada ya namba 2, kwa hiyo yanashika maana hiyo peke yake, yangekaa kabla ya namba 1 yangeshika neno zima na msomaji angeona hata deni la dukani ni neno la mahakamani. Wengi wanaolalamika nadhani wamekutana na lebo zilizokaa vibaya, au zilizobandikwa kila mahali, mfano kuandika tiba mbele ya kisukari, hiyo nakubali ni kujaza kurasa kwa sababu maana ya hospitali na ya mtaani ni ileile.

Mzee sasa hivi anahangaika na maombi ya kutengua ule uamuzi, na kwenye karatasi mpya yeye ndo mwombaji, juzi kaniuliza kwani naomba nini tena.