Final ya Final Ni Ipi, Jamani?

Hivi final huwa inaisha lini? Fungua folda ya kundi lolote la chuo usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi: `ripoti_final.docx`, `ripoti_final_final.docx`, `ripoti_final_HII_NDIYO.docx`, na ile `ripoti_final (1).docx` isiyo na mwenyewe. Hiyo (1) hakuna aliyeibatiza. Mtu kapakua faili ileile mara ya pili, kifaa kikaweka namba chenyewe. Akaandika humo kurasa tatu, akairusha kwenye folda, akalala zake. Sasa majadiliano mazuri yamo kwenye (1), jedwali lililosahihishwa limo kwenye HII_NDIYO, na mhadhiri anataka moja.

Final haihesabiki, bwana. Namba inahesabika. Kinachowashinda kuandika hivi ni nini?

```
sura2_v03_2025-03-14_AM.docx
```

Sehemu, toleo, tarehe, herufi za aliyegusa mwisho. Sifuri ya mbele si urembo: majina yakipangwa herufi kwa herufi, v10 inatangulia v2, na mtu anafungua ya zamani huku anaapa ni mpya. Mwaka unakaa mbele kwa sababu hiyohiyo. Ukianza na siku, tarehe 02 Aprili inaruka mbele ya 14 Machi. Na namba ipande faili inapobadilisha mikono, si kila ukiweka koma! Wapo wanaofika v47 kabla ya chai. Anayepokea v03 aihifadhi kwanza kama v04, ndipo aandike. v03 inahamia folda ya `zamani`, nje inabaki moja.

Halafu eti "tutaandika sote". Watu watano wakiandika sote, haandiki mtu. Sura nne zipate wenyewe wanne. Wengine waache maoni pembeni, mikono mbali na matini. Wa tano awe mshonaji: ni yeye tu anayegusa `ripoti_nzima`, anayelinganisha vichwa na kutunza rejea. Sura zikishashonwa, faili zake zifungwe. La sivyo mwenye sura ya 2 atasahihisha faili yake usiku kucha, kwa bidii kabisa, na masahihisho hayo hayatafika popote. Akiona kosa, ampe mshonaji ukurasa na sentensi.

"Si tutumie Google Docs, inajihifadhi yenyewe?" Sawa. Historia ya matoleo ipo, na toleo unaweza kulipa jina, mfano "limesomwa na wote". Lakini hapohapo atatokea bingwa abofye Make a copy, "kwa usalama". Nakala hiyo inaanza historia yake, wenzake wanaendelea kule, yeye huku, na mshonaji ndiye anayekaa kulinganisha mstari kwa mstari.

PDF itolewe na mshonaji peke yake, kisha muifungue muone kama jedwali halijakatwa katikati. Likikatwa, rudini kwenye docx, toleo lipande, mtoe nyingine. Asitokee mtu wa kuihariri hiyo PDF kwa simu.